Masharti au kielelezo: njia mbili za kufasili neno, kwa mifano ya nyama na kikombe

Mgeni mmoja aliyekuja Lamu kujifunza Kiswahili alialikwa chakula cha mchana kwenye nyumba moja ya mtaa wa Mkomani. Siku mbili kabla, akamtangulizia mwenyeji wake maneno kwa adabu zote: "Samahani mama, mimi sili nyama." Mama akamjibu, "Hapana neno, mwanangu." Siku ilipofika akaandaliwa wali wa nazi, kachumbari na kuku wa kupaka aliyeiva vizuri, na paja wakamwekea yeye.

Hakuna aliyemdharau mwenziwe hapo. Mgeni alisema hali nyama, na mama hakupika nyama, alipika kuku. Kwa watu wa pwani hizo ni habari mbili. Ingia mkahawa wowote wa huku uulize kuna nini leo, utajibiwa: "Kuna nyama, kuna kuku, kuna samaki." Mambo matatu, kila moja na bei yake.

Lawama ilikuwa yangu. Neno lile mgeni alilipata kwenye kijitabu cha msamiati wa nyumbani ninachowaandalia wanafunzi, na mimi nilikuwa nimeandika hivi: "nyama: sehemu laini ya mwili wa mnyama, iliyo kati ya ngozi na mfupa, inayoliwa." Hakuna uongo ndani yake. Kuku ana ngozi, ana mfupa, na kilicho katikati kinaliwa. Mgeni aliisoma fasili, akaona kuku yumo, akadhani "sili nyama" imemaliza kila kitu.

Tangu siku ile nimekuwa nikizipima njia mbili za kueleza maana ya neno, na naziandika hapa kwa yeyote mwenye kazi kama yangu: mwalimu, mfasiri, mtu anayetunga kamusi ndogo ya kijiji chake. Utalazimika kuchagua, tena neno kwa neno.

Njia ya kwanza: masharti

Njia ya zamani, iliyoanzia kwa Aristotle, husema maana ya neno ni orodha ya masharti. Kitu kikitimiza yote kimo, kikikosa moja hakimo. Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Sharti la kwanza, awe mwanamume. La pili, awe amezaliwa pamoja na mama yako. Ndugu wa baba si mjomba hata akulee kwa mapenzi ya namna gani. Huyo ni ami. Kweli tunamwita "mjomba" hata muuza madafu tusiyemjua, lakini huko ni kuamkuana. Ukiuliza "Huyu ni mjomba wako hasa?" kila mtu anajua jibu liko wapi.

Uzuri wa masharti ni kwamba yana mlango. Ukiyajua unaweza kuamua kitu ambacho hujawahi kukiona. Ubaya wake ni kwamba yanachukulia wanachama wote wa kundi kuwa sawa, na yanachukulia kuwa mlango upo. Kwa mjomba upo. Kwa nyama nilidhani upo, nikaujenga mwenyewe mahali ambapo watu wa Lamu hawapiti.

Njia ya pili: kielelezo

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Eleanor Rosch wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapa wanafunzi majina ya vitu vya makundi ya kawaida kama ndege, matunda na fanicha, akawaomba waseme kila kimoja ni mfano mzuri kiasi gani wa kundi lake, kwa kipimo cha 1 hadi 7. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalionyesha kwamba watu hawaoni wanachama wa kundi kuwa sawa, na wanakubaliana sana juu ya nani yuko katikati. Kwa ndege, wanafunzi wale walimweka mbele robini, ndege wa kwao mwenye kifua chekundu. Mbuni na pengwini walitupwa mwisho. Kwa fanicha, kiti kilikuwa juu na simu ilikuwa chini kabisa.

Robini huku kwetu hayuko, na si lazima awepo. Kinachohusu ni kwamba kundi lina kitovu, na vitu vingine vinalizunguka kwa kufanana nacho, vingine kwa karibu, vingine kwa mbali. Kitovu hicho wanaisimu wanakiita prototaipu. Mimi nitakiita kielelezo. Kufasili neno kwa njia hii ni kueleza kielelezo chake, kisha kusema vinavyokizunguka vinatofautiana nacho vipi.

Kielelezo cha nyama huku ni rahisi kukipata. Mtume mtoto sokoni, pale karibu na ngome, umwambie tu, "Kaniletee nyama nusu kilo." Hataleta kuku wala hatauliza. Ataleta ya ng'ombe, na kama ndiyo siku yake, ya mbuzi. Neno likitajwa bila nyongeza, kinachokuja kikapuni ndicho kitovu chake. Ukitaka kingine lazima uongeze neno: nyama ya ngamia, nyama ya kuku. Naliita jaribio la kumtuma mtoto, na sijaona jingine lililo jepesi kama hilo.

Kikombe kinapoishia

Nyama ni neno gumu, na nitalirudia. Kwanza nianze na kikombe, kwa sababu hapo tofauti ya njia hizi mbili inaonekana kwa macho.

Mwaka 1973 mwanaisimu William Labov alichapisha jaribio ambalo mtu yeyote mwenye kabati la vyombo anaweza kulirudia. Alichora mfululizo wa vyombo. Cha kwanza, upana wa mdomo na kina chake vilikuwa sawa. Cha pili upana ulikuwa mara 1.2 ya kina, kisha 1.5, kisha 1.9, na cha mwisho mara 2.5. Akawaonyesha watu kimoja kimoja na kuwauliza hiki kinaitwaje. Kile cha kwanza kilikuwa kikombe bila ubishi. Kadiri vilivyotanuka, waliosema kikombe walipungua na waliosema bakuli wakaongezeka. Lakini hapakuwa na chombo kimoja ambacho watu wote kwa pamoja waliacha neno moja na kushika jingine. Neno lilififia kama rangi ya kitambaa kwenye jua.

Kisha akawaambia wadhanie chombo kilekile kina kahawa, au kina viazi vya kuponda, au kimetiwa maua. Palipokuwa na viazi, watu walihamia kwenye bakuli mapema zaidi. Umbo halikubadilika hata kidogo. Mpaka ulisogezwa na kilichomo ndani.

Nililifanya hilo nyumbani kwa chombo kimoja cha udongo kisicho na mkono. Nilikipima: mdomo sentimita 11, kina sentimita 6, yaani upana ni kama mara 1.8 ya kina, katikati kabisa ya utata. Kikiwa kitupu, shangazi alikiita kibakuli na mpwa wangu akakiita kikombe kikubwa. Nikatia chai ya maziwa. Shangazi akauliza, "Hicho kikombe cha nani kinapoa?" Jioni kilipotiwa mchuzi wa samaki kikawa bakuli kwa wote wawili. Nilipomkumbusha shangazi alichosema asubuhi, akanitazama kama mtu asiye na kazi. "Sasa chai hutiwa bakulini?"

Basi ziweke fasili mbili ubavu kwa ubavu. Ya masharti: "kikombe: chombo kidogo cha duara chenye mkono mmoja, kirefu kuliko upana wake, cha kunywea." Kwa sharti la mkono umemfukuza muuza kahawa wa barazani, mwenye dele lake la shaba na vikombe vyake vidogo visivyo na mkono, ambavyo hakuna mtu wa Lamu atakayekataa kuviita vikombe. Ukiondoa mkono ili kumrudisha, bilauri nayo inaingia. Ukiweka sharti la udongo au kauri ili kuifukuza bilauri, umekitoa kikombe cha bati. Kila kiraka kinatoboa mahali pengine.

Ya kielelezo: "kikombe: chombo kidogo cha kunywea, hasa vinywaji vya moto. Cha kawaida ni cha chai, chenye mkono wa kushikia. Cha kahawa ni kidogo zaidi na hakina mkono. Kikitanuka na kutiwa chakula huitwa bakuli. Cha kioo kisicho na mkono huitwa bilauri au gilasi." Ni ndefu zaidi na haina mlango mmoja. Inamwambia mwanafunzi aanzie wapi, na majirani wa neno ni akina nani. Kwa kikombe sioni sababu ya kusita: kielelezo kinashinda, na hakishindi kwa kidogo.

Nikiwa hapo niseme kidogo juu ya umbo la neno lenyewe. Ki- ya kikombe inadokeza udogo, na kombe la zamani ni sahani kubwa. Mpaka leo huku mtu hunywa kombe: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, yakanyweka. Tena kuna Kombe la Dunia, ambalo hakuna anayelinywea chochote. Ukifasili kikombe kuwa "kombe dogo" utakuwa sahihi kwa sarufi, na mwanafunzi atabaki gizani.

Mfano duni si mfano wa mpakani

Hapa ndipo wengi wanaoipenda njia ya kielelezo wanapoteleza, nami niliteleza. Baada ya kusoma habari za Rosch nilianza kuona ukungu kila mahali. Kama pengwini ni ndege duni, nikajiambia, basi yuko nusu ndani nusu nje, na maneno yote yako hivyo.

Dawa yake ilitoka kwa Sharon Armstrong, Lila Gleitman na Henry Gleitman mwaka 1983. Walichukua makundi ambayo kila mtu anajua yana mlango wa chuma, likiwemo la namba witiri. Namba witiri ni ile isiyogawanyika kwa mbili, hakuna nusu witiri. Wakawapa watu kipimo kilekile cha 1 hadi 7, ambapo 1 ni mfano bora. Watu wakajibu bila kugoma: 3 ilipata wastani wa 1.6, na 447 ikapata 3.7. Yaani 3 ni witiri "nzuri" kuliko 447. Walipoulizwa moja kwa moja kama namba inaweza kuwa witiri zaidi ya nyingine, wakasema hapana.

Kwa hiyo kuna maswali mawili. Moja, kitu hiki ni mfano mzuri kiasi gani? Mbili, kimo au hakimo? Jibu la kwanza likiwa "mfano duni", la pili bado linaweza kuwa "kimo, bila shaka yoyote". Kuku wa uani, mtu wa kwetu hamtaji akiulizwa atoe mfano wa ndege. Ukimbana atasema, "Ni ndege, ndiyo, lakini si ndege hasa." Hilo "hasa" linapima umbali kutoka kitovuni, halimtoi nje ya kundi.

Ukungu wa mpakani una dalili yake nyingine, iliyoonyeshwa na Michael McCloskey na Sam Glucksberg mwaka 1978. Waliwauliza watu kama vitu fulani vimo katika makundi fulani, kisha wakawauliza walewale tena baadaye. Kwa vitu vya kitovuni, na kwa vilivyo mbali kabisa, majibu yalitulia. Kwa vile vya katikati watu walipingana wao kwa wao, na wengi walijipinga wenyewe. Mtu akikwambia leo ndiyo na mwezi ujao hapana, wala hakumbuki kubadili nia, umeufikia mpaka wenye ukungu.

Ninalo neno la kulijaribia: pweza. Je, pweza ni samaki? Waulize watu walioketi baraza moja, utasikia "ndiyo, si wa baharini?" na "hapana, samaki ana mifupa", na mzee mmoja nimewahi kumsikia akitoa majibu yote mawili kati ya alasiri na magharibi. Papa hana ubishi huo. Ni tofauti na samaki aitwaye changu kwa mambo mengi, lakini ni samaki tu.

Kurudi kwa nyama

Sasa kuku wa yule mgeni yuko wapi? Je, kuku ni nyama duni iliyomo ndani, kama 447, au ni kitu cha mpakani, kama pweza?

Nilipolifuatilia nilikuta wenzetu wa fiqhi walilishughulikia zamani, kwa sababu kwao si mchezo wa maneno. Mtu ameapa kuwa hatakula nyama. Akala samaki. Kiapo kimevunjika? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, jibu ni kwamba hakikuvunjika. Na hilo ni ingawa Qurani, katika Surat An-Nahl aya ya 14, inakitaja kinacholiwa kutoka baharini kwa neno lilelile la nyama. Hoja ni kwamba kiapo hufuata ada ya watu katika kusema, na watu wakisema nyama hawakusudii samaki. Lakini ndege wao wamemtia ndani: aliyeapa asile nyama akala nyama ya ndege, amevunja.

Sitoi fatwa hapa, hiyo si kazi yangu. Ninachokiona ni namna walivyofanya kazi. Hawakuanza na ngozi na mfupa kama mimi. Walianza na swali: msemaji wa kawaida akilitaja neno hili, anakusudia nini? Huo ni mtazamo wa kielelezo. Kisha, kwa kuwa kiapo lazima kiwe kimevunjika au hakikuvunjika, wakachora mstari: wanyama wa kufugwa ndani, wa porini ndani, ndege ndani, samaki nje. Huo ni mtazamo wa masharti. Walizitumia njia zote mbili, kwa mpangilio huo. Na mstari wenyewe umefuata ada ya Kiarabu. Orodha ya chakula ya mkahawa wa Lamu inachora mwingine, unaomtenga kuku.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kuku ni kwamba inategemea neno linafanya kazi gani wakati huo. Neno likilinganishwa na mboga, kama daktari anapomwambia mgonjwa apunguze nyama, kuku huvutwa ndani. Likiwekwa sambamba na kuku na samaki kwenye sinia, hutolewa nje. Ni ile chai na mchuzi wa shangazi tena: kilicho pembeni ya neno ndicho kinachosogeza mpaka. Ng'ombe na mbuzi, hata hivyo, hawasogei popote.

Ninavyochagua sasa

Kwa kila neno la kijitabu nafanya mambo mawili kabla ya kuandika. Namtuma mtoto, hata kama ni kwa mawazo tu, nione neno tupu linaleta nini. Kisha nachukua kitu kimoja kilicho mbali na kitovu na kumuuliza mtu mmoja mara mbili, siku mbalimbali. Jibu likitulia, neno lina mlango, na naandika masharti: mjomba, witiri, yatima kwa maana ya sheria ya mirathi. Naongeza mfano mmoja wa kawaida ili msomaji apate pa kuanzia. Jibu likiyumba, naandika kielelezo na majirani zake: kikombe, bakuli, mkate, jiko, kiti.

Kila njia ina namna yake ya kukuangusha, na ni vizuri kuzijua. Masharti yakikosea huingiza visivyotakiwa au hufukuza vinavyotakiwa, na utaligundua kosa haraka kwa kutafuta kitu kimoja kinachoyapinga. Kielelezo kikikosea hujificha. Mwanafunzi akijifunza kwamba mkate ni ule wa slesi wa dukani, hakuna fasili atakayoweza kuipinga. Ataendelea tu kutojua kwamba mkate wa mofa ni mkate, na wa kumimina ni mkate, na ule wa kusukuma ndio ambao yeye anauita chapati. Tena kielelezo ni cha mahali. Ukiandika ukiwa Nairobi utaweka kitovu cha Nairobi, na mtu wa Lamu akikisoma ataona neno lake limevaa nguo za mwenziwe. Kwa hiyo pale ninapotumia kielelezo nataja ni cha wapi.

Kuna maneno machache yanayohitaji yote mawili, na hayo ni yale ambayo mtu anaweza kuumia kwa kutoelewana: ya chakula, ya dawa, ya mkataba. Hapo naandika kielelezo kwanza, kisha nasema waziwazi mpaka unachorwa wapi na kwa kazi gani. Kiingizo changu cha nyama sasa kinasomeka hivi:

"nyama: (Lamu) chakula kinachotokana na mwili wa mnyama wa kuchinjwa, hasa ng'ombe na mbuzi. Katika mazungumzo ya chakula, kuku na samaki hutajwa kando. Asiyekula vyote aseme: Sili nyama, wala kuku, wala samaki."

Yule mgeni aliporudi mwaka huu nilimpa nakala. Akaenda nyumba ileile, akaisema sentensi nzima kama ilivyoandikwa. Mama akafikiri kidogo, kisha akamuuliza, "Na pweza je?"